UZI: Nimepewa bei moja ya mkupuo kwa pampu ya sola, nawezaje kuomba mchanganuo bila kumkimbiza muuzaji?

BondeLaLukuledi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha bustani cha watu 14, upande wa Mtama, mkoani Lindi, karibu na bonde la mto Lukuledi. Tuna kisima kirefu kilichokwisha kuchimbwa na kupimwa. Maji husimama mita 22 kutoka juu, yakivutwa hushuka hadi mita 31, na wachimbaji waliandika kwamba tusivute zaidi ya lita 5,000 kwa saa. Tunataka kumwagilia ekari moja na nusu, na kwa hesabu yetu tunahitaji lita 30,000 hivi kwa siku.

Tumepata profoma mbili. Ya kwanza ni ya kampuni moja ya Dar es Salaam, yenye mstari mmoja tu: "Mfumo kamili wa pampu ya sola pamoja na tanki na ufungaji, Sh 21,476,000, VAT ikiwemo, bei itadumu siku 14." Ya pili ni ya mfanyabiashara wa Mtwara mjini, nayo inasema "Pampu ya sola kamili, Sh 17,900,000", bila neno lolote kuhusu kodi. Wanakikundi wengi wanataka tuchukue ya Mtwara kwa sababu inaonekana nafuu kwa milioni tatu na nusu. Mimi naona hatuna tunachokilinganisha, maana hatujui ndani ya kila bei kuna nini. Nilipompigia simu mtu wa Dar kuomba mchanganuo, alinijibu kwa heshima kwamba wao huuza mfumo, hawauzi vipande. Naomba ushauri wa namna ya kuomba, na namna ya kuutumia huo mchanganuo nikiupata.

Kijana wa Masasi

Mkuu, hapo usibembeleze. Sheria ya ununuzi inamlazimu muuzaji kutoa mchanganuo wa bei kwa kila kifaa. Mwandikie kwamba asipoleta utamshitaki. Halafu vifaa vyote vya sola havina VAT, kwa hiyo huyo wa Dar anawaibia asilimia 18 mchana kweupe. Njia rahisi ni kugawa bei kwa idadi ya paneli, utajua nani ghali.

Mgavi Mstaafu

Nimefanya kazi ya ugavi kwa miaka mingi katika mikoa hii ya kusini, kwa hiyo niruhusuni nianze kwa kumrekebisha kidogo kijana wangu wa Masasi kabla sijamjibu katibu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazihusu taasisi za umma. Kikundi cha watu 14 kinachonunua kwa fedha zake hakiwezi kuitumia kumtisha mfanyabiashara binafsi, na muuzaji anayeijua atacheka. Kuhusu VAT nitarudi baadaye, kwa sababu umegusa jambo la kweli, ila umelitanua kupita kiasi. Na kugawa bei kwa paneli hakufai hata kidogo, maana katika mfumo wa namna hii paneli ni sehemu ndogo ya gharama.

Sasa, katibu. Ukimwambia muuzaji "niletee mchanganuo", umemwachia achague namna ya kuchanganua, na atachagua namna inayomfaa yeye. Atakuletea mistari mitatu au minne mipana, kama "vifaa", "ufundi" na "usafiri", na hutaweza kuilinganisha na mistari ya mwenzake. Kinachofaa ni wewe kuandika jedwali lenye mistari yako, vipimo vyako na kiasi unachokitaka, uache wazi safu ya bei ya kipimo kimoja na safu ya jumla, kisha ulipeleke jedwali lilelile kwa wote wawili. Mtu akiletewa karatasi yenye nafasi za kujaza, hujaza kwa urahisi kuliko anapoombwa kueleza bei yake kwa maneno yake mwenyewe. Akiacha mstari wazi, huo mstari mtupu nao ni jibu.

Katika mstari wa pampu usiandike nguvu za farasi peke yake. Andika kazi unayoitaka: lita 5,000 kwa saa kwa kimo cha mita 41. Nimefika hapo kwa kuchukua mita 31 za maji yakivutwa, nikaongeza mnara wa mita 3, kimo cha tanki kama mita 2.5, na mita 4 hivi zinazopotea ndani ya bomba. Kama mnara wenu ni mrefu zaidi au bomba ni jembamba, hesabu itabadilika. Muuzaji ataje aina ya pampu, namba yake ya modeli, na lita inazotoa kwa kimo hicho.

Mama Salfa

Poleni na majukumu. Nami yalinikuta hayo hayo huku Tandahimba msimu wa kupulizia mikorosho. Nilipewa bei moja ya salfa pamoja na bomba la kupulizia, nikaambiwa bomba ni kama zawadi tu. Je, katibu, hiyo pampu yako inaweza kupulizia dawa ya ubwiriunga, au ni ya maji peke yake?

BondeLaLukuledi

Mama, hii ni pampu ya kuzamisha kisimani, haipulizii dawa. Ila hilo la "zawadi" ningependa wazee walieleze, maana hata mtu wa Dar aliniambia kwa simu kwamba mnara wa tanki "ni kama bure humo ndani".

Mgavi, shikamoo. Nimekuelewa. Hofu yangu ni maneno ya kutumia. Sitaki aone kwamba nataka kuchukua orodha yake niende kununua kipande kimoja kimoja Kariakoo.

Duka la Bandarini

Ninauza vifaa vya maji na umeme Mtwara, na sitasema kama mimi ndiye huyo wa milioni 17.9 au siye. Niwaeleze upande wa pili wa meza, kwa sababu mnatuona kama wezi.

Hofu unayoitaja, katibu, ndiyo hasa sababu ya sisi kutoa bei moja. Nikikuandikia kwamba paneli ni shilingi kadhaa, utampigia binamu yako aliyeko Kariakoo, naye atakuambia nimezidisha elfu sitini. Hatakuambia kwamba yake itavunjika njiani na hakuna wa kuibadilisha. Faida yangu haikai kwenye paneli peke yake. Imetawanyika, na mara nyingine nauza paneli karibu na bei niliyonunulia kwa sababu najua mteja ataiulizia, kisha napata riziki yangu kwenye fremu, kwenye viungo na kwenye ufundi. Hivyo hata nikikupa mchanganuo, usiusome kama orodha ya gharama zangu. Ni namna niliyoamua kuipanga bei.

Ukitaka nikujibu vizuri, niambie mambo mawili. Kwanza, kwamba unalinganisha kazi nzima kwa kazi nzima na unakusudia kununua kwa mtu mmoja. Pili, unaamua lini. Mteja asiye na tarehe simpotezei jioni yangu kujaza majedwali.

Mgavi Mstaafu

Marahaba katibu. Duka la Bandarini amesema ukweli ambao wauzaji wengi hawausemi, na namshukuru. Kwa msingi huo ningeandika barua fupi ya namna hii, iende kwa wote wawili siku moja:

"Tunashukuru kwa profoma yenu ya tarehe tajwa. Kikundi chetu kinakusudia kununua mfumo mzima kutoka kwa muuzaji mmoja na kitafanya uamuzi ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Ili wanachama waelewe wanacholipia na walinganishe kazi iliyo sawa, tunaomba mjaze jedwali lililoambatanishwa kwa kuonyesha kiasi, bei ya kipimo kimoja na jumla ya kila mstari, kabla ya VAT. Jumla ya mistari ilingane na bei mliyokwisha kututajia. Tafadhali onyesheni pia kitu chochote ambacho hakimo katika bei yenu, na bei itapungua kwa kiasi gani iwapo tutauondoa mnara wa tanki katika kazi yenu."

Sentensi ya jumla kulingana na bei ya awali isiachwe. Bila hiyo, baadhi yao watajaza jedwali kwa bei mpya, na utashtukia jumla imepanda kwa kisingizio kwamba "tulipochanganua tuligundua tumesahau kitu". Na hilo swali la mwisho la kuuondoa mnara ndilo jibu langu kwa habari ya zawadi. Bei iliyoandikwa kwenye mstari na kiasi kinachopungua mstari huo ukiondolewa huwa havilingani mara nyingi. Kile cha pili ndicho bei halisi ya kitu ndani ya kifurushi.

Binti Mikindani

Nauliza tu, kwa nini mnara na si kitu kingine? Na kwa nini kabla ya VAT wakati kikundi kitalipa na VAT?

Mgavi Mstaafu

Mnara kwa sababu ni kitu pekee katika orodha hii ambacho fundi wa kuchomelea wa Mtama au Lindi anaweza kukitengeneza vizuri bila kuharibu waranti ya pampu. Ukiuliza kuhusu kuondoa kontrola, muuzaji ataona unacheza. Bei kabla ya VAT kwa sababu mmoja ametaja kodi na mwingine amenyamaza, nawe unataka mistari ifanane. Kodi iwekwe mwishoni, kwenye mstari wake peke yake. Na huyo wa Mtwara aulizwe waziwazi kama amesajiliwa VAT na bei yake ina kodi au haina. Asiyesajiliwa haruhusiwi kutoza VAT. Aliyesajiliwa akiwa hajaijumlisha, hiyo 17,900,000 inageuka 21,122,000 siku ya risiti.

BondeLaLukuledi

Nimerudi. Majibu yamekuja, la Dar baada ya siku tatu na la Mtwara baada ya kukumbushwa. Haya ndiyo ya Dar, yote kabla ya VAT:

Pampu na kontrola yake 5,200,000. Paneli 8 za wati 450 kwa 310,000 kila moja, jumla 2,480,000. Fremu ya paneli 1,450,000. Bomba la HDPE la milimita 50, mita 165 kwa 6,000, jumla 990,000. Mita 45 ni za kisimani na 120 za kwenda kwenye tanki. Waya wa kuzamia, mita 50 kwa 9,000, jumla 450,000. Tanki la lita 10,000 kwa 2,100,000. Mnara wa vyuma wa mita 3 kwa 2,300,000. Usafiri 1,100,000. Ufungaji na majaribio 1,300,000. Vifaa vidogovidogo 830,000. Jumla 18,200,000, na VAT 3,276,000.

Wa Mtwara amejaza hivi: pampu, kontrola, paneli 6 za wati 400 pamoja na fremu, vyote 11,300,000, na ameandika chini yake "haitenganishwi". Tanki la lita 10,000 kwa 2,350,000. Bomba la kisimani na waya 950,000. Ufundi na usafiri 3,300,000. Jumla ni 17,900,000. Mstari wa mnara na mstari wa bomba la kwenda kwenye tanki ameandika "mteja". Anasema hajasajiliwa VAT. Kuhusu pampu ameandika "farasi 2" na hakutaja lita.

Mgavi Mstaafu

Sasa mna kitu cha kulinganisha. Tuanze na neno "mteja", kwa sababu limebeba fedha nyingi kuliko namba yoyote uliyoiandika.

Wa Mtwara hana mnara wala mita 120 za bomba. Tukikopa bei za Dar kwa vitu hivyo viwili, mnara ni 2,300,000 na bomba ni 720,000, jumla 3,020,000, na pamoja na VAT ni 3,563,600, kwa sababu kikundi chenu hakina namna ya kurudishiwa kodi hiyo. Ongeza kwenye 17,900,000 unapata 21,463,600. Ile tofauti ya milioni tatu na nusu imebaki Sh 12,400. Tena upande mmoja una wati 3,600 za paneli na mwingine una 2,400.

Pili, tazama ufundi na usafiri. Mtu anayetoka Mtwara mjini anatoza 3,300,000, wakati anayetoka Dar anatoza 2,400,000 kwa vyote viwili. Huenda ana sababu, au huenda ndipo alipoiweka faida yake, kama Duka la Bandarini alivyotueleza. Swali la kumuuliza ni mafundi wangapi, kwa siku ngapi, na gari gani.

Kijana wa Masasi

Basi jibu limepatikana, chukueni ya Dar. Paneli nyingi, bei ile ile.

Fundi Sola Nachingwea

Taratibu, kijana. Paneli nyingi si lazima ziwe faida. Mimi hufunga hizi pampu. Kwa lita 30,000 kwa siku na kimo cha mita 41, wati 2,400 mpaka 2,700 zinatosha siku ya kawaida ya jua, mradi pampu yenyewe iwe nzuri. Wati 3,600 zitamsaidia kuanza mapema asubuhi na kuendelea hadi jioni, na siku za mawingu zitaonekana thamani yake, lakini kisima kina kikomo cha lita 5,000 kwa saa. Pampu kubwa yenye paneli nyingi ikivuta kupita hapo, maji yatashuka chini ya pampu na itazunguka kavu. Kwa hiyo muulize wa Dar ametumia hesabu gani kufika paneli 8. Akiwa na hesabu ataituma, na asipokuwa nayo atakubali 6 bila ubishi.

Na huyo wa Mtwara, "farasi 2" si jibu. Pampu mbili za farasi 2 zinaweza kupishana sana kwa maji zinayotoa kwenye kimo kilekile, moja ikiwa ya maji mengi kwa kimo kifupi na nyingine ya maji machache kwa kimo kirefu. Bila lita kwa mita 41, huwezi kusema kama bei ya pampu yake ni nafuu au ni ghali.

Duka la Bandarini

Naongeza moja kuhusu usafiri wa Dar. Malori mengi yanayopeleka saruji kutoka kiwanda cha Mtwara hurudi kusini yakiwa na nafasi, na nauli ya mzigo wa kurudi si sawa na ya lori la kukodi kutoka Dar. Milioni moja na laki moja kwa paneli chache, tanki tupu na vyuma ni bei ya gari la peke yake. Wanaweza kuwaambia kuhusu hali ya barabara, na ni kweli kwamba mvua za 2024 zilipoiharibu pale Somanga tuliteseka sote, lakini hiyo si bei ya kila siku. Tanki lenyewe ni jepesi ila linakula nafasi. Waulizeni kama bei yao inashuka mkilichukua tanki hapa Lindi au Mtwara.

Binti Mikindani

Na "vifaa vidogovidogo" vya 830,000? Mimi ni mhasibu, na mstari wa namna hiyo hunikosesha usingizi.

Mgavi Mstaafu

Umeona vyema, dada. Mstari usio na kipimo hauwezi kujadiliwa wala kukaguliwa siku ya kupokea mzigo. Usiombe upunguzwe, omba ufunguliwe. Ukianza na kupunguza, atakata laki moja kwa furaha na kubaki na nyingine zote.

BondeLaLukuledi

Nimefanya kama mlivyoelekeza. Nilimwandikia wa Dar maswali manne kwa pamoja, juu ya paneli 8, usafiri, vifaa vidogovidogo na mnara, nikamwambia kwamba yeye ndiye tunayeelekea kwake, jambo ambalo ni kweli.

Vifaa vidogovidogo amevifungua hivi: swichi ya kuzima tanki likijaa 85,000, kabati la kontrola 160,000, waya wa ardhi na fimbo yake 140,000, viungo vya bomba na vali 245,000. Hizo ni 630,000. Zilizobaki 200,000 aliziita "dharura", na nilipouliza ni dharura ya nani, amezifuta. Paneli amekubali ziwe 6, yaani 620,000 zimeondoka. Usafiri ameushusha hadi 800,000. Kwa hiyo jumla mpya kabla ya VAT ni 17,080,000, na pamoja na VAT ni 20,154,400. Tumeokoa 1,321,600 bila kugusa ubora wa pampu.

Kuhusu mnara, majibu yamenishangaza. Mstari unasema 2,300,000, lakini amesema tukiuondoa bei itapungua kwa 1,500,000 tu kabla ya VAT, kwa sababu "punguzo la kifurushi litapotea". Fundi wetu wa hapa anataka 1,900,000 kwa mnara kama huo, vyuma vikiwa vyake.

Mgavi Mstaafu

Basi mnara ubaki kwake. Mkiuondoa mnaokoa 1,500,000 na kodi yake, yaani 1,770,000, kisha mnamlipa fundi 1,900,000. Mtakuwa mmeongeza gharama kwa 130,000, na juu ya hapo, tanki likijaa ni tani 10 za maji juu ya vyuma, na likianguka mtakuwa na watu wawili wanaolaumiana. Mngeusoma ule mstari wa 2,300,000 peke yake mngedhani mnaokoa zaidi ya laki nane.

Ila kuna kitu amekipitisha. Paneli zimepungua kutoka 8 hadi 6, na fremu imebaki 1,450,000 ile ile. Vyuma vya paneli 8 si vya paneli 6. Mwulize bila kumkaripia.

Kijana wa Masasi

Mzee shikamoo, na ile VAT je? Ulisema utarudi. Mbona wametoza asilimia 18 juu ya kila kitu hadi paneli?

Mgavi Mstaafu

Marahaba. Sheria ya VAT ya 2014 ina jedwali la vitu vilivyosamehewa, na paneli za sola zimo. Msamaha huo unafuata kitu kilichotajwa, haufuati mradi. Mnara, bomba, tanki na ufundi haviwi vya sola kwa sababu tu vimo katika profoma ya sola. Ndiyo maana mchanganuo una thamani hapa pia: kwenye bei ya mkupuo hakuna mtu anayeweza kuonyesha kodi ya paneli iko wapi. Sasa inaonekana. Paneli 6 ni 1,860,000, na asilimia 18 yake ni 334,800.

BondeLaLukuledi

Nilimuuliza hilo pia. Amejibu kwamba wanauza mkataba mmoja wa kuleta na kufunga, hawauzi paneli, hivyo kodi inakwenda kwa mkataba mzima.

Binti Mikindani

Hoja yake haina upuuzi, na pia haijamaliza mjadala. Angeweza kuandika mauzo ya vifaa kwenye ankara moja na ufungaji kwenye nyingine. Lakini hilo si la kuamuliwa humu. Nenda ofisi ya TRA Lindi ukiwa na mchanganuo mkononi, uulize kuhusu mistari ya paneli na kontrola, na uombe wakuonyeshe jedwali linalotumika mwaka huu, kwa sababu orodha hiyo hufanyiwa marekebisho kwenye sheria za fedha za kila mwaka.

Duka la Bandarini

Mkifanikiwa mtuambie, maana na sisi tunataka kujua. Na mimi ningemtetea kidogo mwenzangu wa Mtwara: yuko karibu. Pampu ikizima mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kikali, atafika siku hiyo hiyo. Mmeupangia bei gani ukaribu huo? Sijauona kwenye jedwali.

Mgavi Mstaafu

Haumo, na hoja yako ina uzito. Ungewekwa kama mstari: fundi atafika ndani ya siku ngapi, na nani analipa nauli yake wakati wa waranti. Katibu, waulize wote wawili. Jibu la Dar likiwa "mteja alete kontrola Dar", hiyo ni gharama, na mnaweza kuikadiria wenyewe kwa nauli ya basi kwenda na kurudi na siku ambazo bustani itakaa bila maji.

BondeLaLukuledi

Nitawauliza leo. Wa Mtwara bado hajataja lita za pampu yake. Nimemwandikia tena nikimwomba namba ya modeli peke yake, ili Fundi wa Nachingwea atusaidie kuisoma.

Swali langu la mwisho ni la malipo. Wa Dar anataka asilimia 70 kabla ya mzigo kuondoka.

Mgavi Mstaafu

Kwanza, msilipe chochote kwa profoma ya zamani. Atoe mpya yenye tarehe mpya, mistari yote kama mlivyokubaliana, na jumla ya 20,154,400 au pungufu kama fremu itashuka. Mabadiliko yaliyobaki kwenye simu hayamfungi mtu.

Kisha tumieni mistari hiyo kupanga malipo. Pampu, kontrola, paneli, fremu, waya na bomba ni 9,950,000 kwa bei mpya kabla ya kodi, na hivyo ndivyo anavyohitaji fedha kuvitoa ghalani kwake. Mnara, tanki, ufungaji na vilivyobaki si lazima vilipiwe kabla havijafika Mtama. Asilimia 70 ya jumla ni 14,108,080, ambayo inazidi thamani ya vifaa hivyo hata ukiviwekea VAT, kwani vitafika 11,741,000. Mwonyesheni hesabu hiyo na mwanze mazungumzo hapo. Fungu la mwisho lisitoke mpaka maji yapimwe kwa pipa na saa, pampu ikisukuma hadi juu ya tanki.

Fundi Sola Nachingwea

Na mpime saa sita mchana na tena saa tisa alasiri. Wengine hupenda kukabidhi kazi saa sita tu. Ukipata namba ya modeli ya huyo wa Mtwara, iweke hapa, nitaangalia mchoro wake wa maji na kimo.